Kitunguu kinaviringika, nyanya inapondeka, kidole kimekatika: naomba kufundishwa kukata kuanzia mwanzo kabisa

Mgeni wa Shangani

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za jioni. Nimehamia Mtwara kikazi na nimepanga chumba kimoja hapa Shangani. Kwa mara ya kwanza maishani ninajipikia mwenyewe, kwa sababu nyumbani kwetu jikoni palikuwa pa mama na dada zangu, na nilipokuwa chuo nilikula kwa mama lishe. Msinicheke: kwetu ni Singida, mkoa unaojulikana kwa vitunguu, lakini sijui kukata hata kimoja.

Juzi nilinunua samaki sokoni, nikataka kutengeneza mchuzi wa nyanya na kachumbari kidogo pembeni. Kitunguu nilikimenya kizima, nikakiweka juu ya sahani ya bati na kuanza kukikata vipande vya duara. Kiliviringika mara tatu, na kila kipande kilitoka na unene wake. Nilipofika kwenye nyanya nilikandamiza kisu, ngozi ikabonyea bila kukatika, nikaongeza nguvu, kisu kikateleza pembeni na kuingia kwenye kidole changu cha shahada cha mkono wa kushoto. Kisu chenyewe ni kile chembamba chenye mpini wa plastiki, nimekikuta humu chumbani.

Ninachoomba ni mambo mawili tu: namna ya kukata kitunguu vipande vidogo vya mchuzi, na namna ya kukata nyanya slesi nyembamba bila kuiponda wala kujikata. Tafadhali anzeni chini kabisa, mjue kwamba hata kushika kisu sijafundishwa.

Mama Salma wa Chikongola

Marahaba mwanangu, na pole kwa kidole. Mimi nimepika miaka mingi na ubao wa kukatia nimeuona nikiwa mtu mzima. Kitunguu hushikwa mkononi, unakichanja juu mistari ya kwenda na ya kukatiza, kisha unakata kwa mlalo na vipande vinadondoka vyenyewe ndani ya sufuria. Ni haraka na hakuna chombo cha ziada cha kuosha.

Kwa kuwa unajifunza, tumia kisu butu kwanza. Kisu kikali kwa mtu asiyejua ni hatari, kinaingia kwenye nyama kabla hujahisi. Ukishazoea ndipo uazime kikali.

Jambo jingine ninalotaka ulishike sana ni kwamba ukimaliza kukata usitumbukize kisu kwenye beseni lenye maji ya sabuni pamoja na vikombe. Nyumbani kwangu mjukuu aliingiza mkono kutafuta kijiko, povu limefunika kila kitu, akakishika kisu upande wa makali. Tangu siku hiyo kisu kwangu huoshwa peke yake, kikiwa mkononi, makali yakiangalia mbali na kiganja, kisha kinafutwa na kuwekwa juu.

Mvuvi wa Msanga Mkuu

Bwana mgeni, kwa samaki usikate kama unavyokata nyama. Changu anaanza kuparuliwa magamba kutoka mkiani kwenda kichwani, halafu unapasua tumbo kwa ncha ya kisu bila kuizamisha sana, usije ukapasua nyongo. Ukipata tasi, angalia miiba yake ya mgongoni, ina sumu na maumivu yake si mchezo. Niambie ulinunua samaki gani nikuelekeze vizuri.

Mgeni wa Shangani

Ahsante sana kaka, ila samaki aliparuliwa na kukatwa palepale sokoni. Shida yangu ni kitunguu na nyanya.

Mama Salma, nashukuru kwa tahadhari ya beseni, kwa maana kisu changu hivi sasa kimo humo humo. Ninakwenda kukitoa.

Mpishi wa Mikindani

Nimepika kwenye hoteli na kwenye meli kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na vijana wengi waliletwa jikoni kwangu wakiwa hawajui lolote, kwa hiyo swali hili ninalifahamu. Kijana, kabla ya kukufundisha kukata, nitazame kwanza ajali yako, maana umeieleza vizuri na sababu zake zinaonekana.

Sababu ya kwanza ni sahani. Sahani ya bati ina shimo katikati na ukingo umeinuka, kwa hiyo kitu cha mviringo hakiwezi kutulia ndani yake, na bati linaharibu makali kila kisu kinapoligusa. Tafuta ubao. Hata kipande cha mbao safi kutoka kwa seremala kinatosha, kikiwa na upana wa kukaa kitunguu na kisu kwa raha, lakini usichukue mpingo kwa sababu tu tunao huku kwetu: ni mgumu mno na utamaliza makali upesi. Chini ya ubao tandika kitambaa kilicholoweshwa na kukamuliwa, kisha usukume ubao kwa mkono. Ukisogea, rekebisha kitambaa kabla hujashika kisu.

Sababu ya pili ni kwamba ulikata kitu cha mviringo kikiwa bado cha mviringo. Pigo la kwanza la kisu lina kazi moja tu, nayo ni kutengeneza upande bapa ambao kitunguu kitaulalia. Kikishalala juu ya upande huo hakiviringiki tena, na mkono wako wa kushoto unabaki na kazi ya kuongoza badala ya kupigana nacho.

Sababu ya tatu ni kisu butu, na hapa dada yangu Mama Salma aniwie radhi. Ni kweli kwamba kisu butu ukikigusa tu hakikuchani. Lakini hakuna mtu anayejikata kwa kugusa tu. Mtu hujikata pale anapokandamiza, na kisu butu ndicho kinachomlazimisha akandamize. Ngozi ya nyanya inapokataa, nguvu yote uliyoiweka inatafuta njia nyingine, na njia ya karibu ni kidole. Kisu kikali kinahitaji nguvu kidogo sana, hivyo hata kikiteleza hakiendi mbali.

Sasa mikono. Mkono wa kisu usishike mpini mwishoni kama unavyoshika jembe. Sogeza mbele mpaka kidole gumba na ubavu wa kidole cha shahada vibane bapa la kisu pale linapokutana na mpini, na vidole vitatu vilivyobaki vikumbatie mpini. Usinyooshe kidole cha shahada juu ya mgongo wa kisu. Watu wengi hufanya hivyo wakidhani wanapata nguvu, kumbe kisu kinayumba kushoto na kulia.

Mkono wa kushika kitunguu ukae kama kaa aliyesimama mchangani. Ncha za vidole zinarudi ndani, vifundo vinatangulia mbele, na kidole gumba kinajificha nyuma ya wenzake. Bapa la kisu linateleza likigusa kifundo cha kidole cha kati, kwa hiyo kifundo ndicho kinachoamua unene wa kipande, na makali hayawezi kufikia kucha ambayo imeshajificha nyuma. Sharti ni moja: wakati wa kukata usiinue makali yakapita juu ya kifundo hicho. Kwa siku chache mkono utauma na utajiona mzito. Fanya taratibu, kwa sababu hakuna anayekukimbiza.

Nitarudi jioni kueleza kitunguu chenyewe.

Mkono wa Kushoto, Masasi

Mzee, naomba usinisahau. Mimi natumia mkono wa kushoto na kila anayenifundisha huniambia nikae upande mwingine, kisha ananishika mkono na kuugeuza. Dada yangu alikuwa akinipa kisu cha mkate chenye meno, na kila slesi niliyokata ilikwenda mshazari, nene juu na nyembamba chini. Nimekuwa nikiamini kwamba tatizo ni mimi.

Mpishi wa Mikindani

Tatizo si wewe. Visu vingi vya meno vimechongwa upande mmoja tu wa bapa, na mchongo huo umewekwa kwa kumfikiria mtu wa mkono wa kulia. Ukikishika kwa kushoto, kisu kinavutwa pembeni na hakishuki wima. Chukua kisu kisicho na meno, kilichonolewa pande zote mbili, kisha yote nitakayosema hapa chini uyageuze kama kwenye kioo.

Kitunguu kina ncha mbili. Upande mmoja majani yalitokea, umekauka na kusokotana. Upande wa pili ni kitako, chenye vinywele vya mizizi. Kitako hicho ndicho kinachoshikilia tabaka zote pamoja, kama kifundo cha ufagio wa njiti. Ukikikata mapema, tabaka zinaachana na kuteleza moja juu ya nyingine, na hapo ndipo vidole vinapokatwa. Kwa hiyo kitako tunakibakiza mpaka mwisho.

Kata upande wa majani, kiasi cha sentimita 1 hivi. Sasa umepata upande bapa. Simamisha kitunguu juu ya huo upande, kitako kikitazama juu, kisha pasua katikati ya kitako kwenda chini, upate nusu mbili ambazo kila moja ina kipande chake cha kitako. Baada ya kupasua ndipo umenye. Ukimenya kizima kama ulivyofanya, unahangaika na ganda na kitu kinachoteleza kwa pamoja. Kama tabaka ya kwanza chini ya ganda ni ngumu au imekauka, itoe pia usiionee huruma, kwa sababu hiyo ndiyo inayofanya kisu kiteleze.

Laza nusu moja, uso uliopasuliwa ukiwa chini, kitako kikiwa mbali nawe na upande wa majani ukikutazama. Ingiza ncha ya kisu karibu na kitako bila kukikata, ubakize kama upana wa kidole, kisha vuta kuelekea kwako huku kisu kikishuka mpaka kwenye ubao. Rudia mistari hiyo kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kwa kitunguu cha wastani chenye upana wa sentimita 7, ukiacha sentimita 1 kati ya mstari na mstari, utapata mistari 6, na vipande hivyo vinatosha mchuzi wa samaki. Kwa kachumbari au mayai utapunguza nafasi iwe nusu yake.

Halafu zungusha kitunguu robo, kitako kiwe upande wa mkono unaoshika. Weka mkono wako wa kaa juu yake na ukate kukatiza mistari ile, ukianzia upande wa majani. Vipande vitadondoka vikiwa vimekwishakatika. Mkono unarudi nyuma kidogo kidogo, na kisu kinaufuata.

Ukikaribia kitako utaona kilichobaki ni chembamba na kirefu, kinataka kuanguka. Hapo ndipo wanafunzi wangu wengi walipojikata, kwa tamaa ya kumaliza kipande cha mwisho. Kiangushe kilale juu ya upande wake mpana, ukate mara mbili tatu, na kitako kilichobaki kiweke kwenye supu au ukitupe.

Mama Salma wa Chikongola

Mzee wangu, nimekusikia kuhusu kisu butu, na kwa nyanya ninakubali. Lakini kukatia mkononi siwezi kukubali kwamba ni kosa. Mama zetu wamekata hivyo Mtwara nzima na vidole vyao wanavyo.

Mpishi wa Mikindani

Dada, sijasema ni kosa. Mkono wako umejifunza kwa miaka, unajua kisu kimezama kiasi gani kabla hakijafika kwenye kiganja. Hata mimi nikiwa nyumbani hukata hivyo kitunguu kimoja cha haraka. Ila kijana huyu hana mkono huo, na kukatia mkononi makali yanamtazama yeye mwenyewe muda wote. Kwenye ubao yanautazama ubao.

Muuguzi wa Lindi

Nimesoma uzi wote na sioni aliyemuuliza mgeni kidole kikoje. Mgeni, ulikifanyia nini? Je, unaweza kukikunja na kukinyoosha chote, na ukigusa ncha yake unahisi kama unavyohisi vidole vingine?

Mgeni wa Shangani

Nakikunja vizuri na ninahisi. Kilitoka damu nyingi mwanzoni. Jirani aliniambia niweke majani ya chai, nikaweka, kisha nikafunga kitambaa. Kila baada ya dakika moja nilikuwa nafungua kuangalia kama damu imekatika, na kila nikifungua inaanza tena.

Muuguzi wa Lindi

Ndiyo maana haikukatika. Damu inapoganda inaweka kizibo, nawe ulikuwa unakibandua kila dakika. Mara nyingine osha kidonda kwa maji safi yanayotiririka, weka kitambaa safi, kandamiza kwa nguvu ya wastani kwa dakika 10 kamili bila kuchungulia hata mara moja, na mkono uinuliwe juu ya kifua. Majani ya chai, kahawa, majivu na mafuta ya taa visiwekwe; vinaingiza uchafu na baadaye sisi tunahangaika kuvitoa.

Nenda kituo cha afya siku hiyohiyo kama damu haisimami baada ya kukandamiza hivyo, kama kidonda kimefunguka na kingo zake hazikutani, kama kidole hakikunjiki au hakinyooki, au kama ncha imekufa ganzi. Hayo mawili ya mwisho yanaweza kutokea hata kidonda kikiwa kidogo kwa macho, kwa sababu mishipa ya vidole iko karibu sana na ngozi. Kwa wewe wa Shangani, hospitali ya Ligula ni karibu. Pia ukumbuke lini ulichanjwa pepopunda mara ya mwisho. Kama hukumbuki, waambie hivyo watakapokuuliza.

Niongeze jambo moja la jikoni ingawa si kazi yangu: kisu kikidondoka, ondoa miguu na ukiache kianguke. Nimewafunga viganja watu waliojaribu kukidaka.

Mvuvi wa Msanga Mkuu

Sasa nimeelewa uzi unahusu nini, na kuhusu makali nina la kusema, kwa sababu kisu cha samaki ninanoa kila siku. Mgeni, hicho kisu chako cha mpini wa plastiki kinanoleka kama hakina meno. Lowesha jiwe la kunolea, liweke juu ya kitambaa chenye maji lisihame. Laza kisu juu ya jiwe kisha inua mgongo wake kiasi cha nusu ya unene wa kidole chako kidogo, na ushike mwinuko huohuo bila kuubadilisha. Sukuma kutoka kwenye mpini hadi kwenye ncha, mara 10 upande mmoja, halafu upande wa pili. Utajua jiwe limefika kwenye makali pale ambapo ukipitisha kidole kutoka mgongoni kuelekea makali, kamwe si kwa kufuata urefu wa makali, utahisi kikwaru chembamba upande ambao haukunolewa. Geuza na ukiondoe kwa kupitisha kisu taratibu kila upande.

Kama huna jiwe, geuza kikombe cha kauri. Chini kina pete isiyong'aa, yenye kukwaruza. Hiyo inatosha kwa dharura.

Na kwa hewa yetu hii ya chumvi, kisu cha mhunzi usikilaze na maji hata usiku mmoja. Asubuhi utakikuta kimekuwa chekundu.

Mgeni wa Shangani

Nimenoa kwenye kikombe kama mlivyoelekeza, na leo nimejaribu kitunguu kimoja kwenye ubao. Mistari 6 niliitoa, kitako nilikibakiza, na hakikuviringika hata kidogo. Nilitumia kama dakika 7 kwa kitunguu kimoja, lakini vipande vinafanana. Kuna vipande vya pembeni vilivyotoka virefu kuliko vya katikati. Je, nimekosea wapi?

La pili ni machozi. Nilipofika nusu ya pili nilikuwa sioni ninachokata.

Mama Salma wa Chikongola

Kwa machozi weka maji mdomoni usiyameze. Mimi hunisaidia.

Mpishi wa Mikindani

Maji ya mdomoni sijawahi kuyaona yakimsaidia mwanafunzi wangu yeyote, ila Mama Salma akisema yanamsaidia siwezi kumbishia macho yake. Kinachowasha ni hewa inayotoka kitunguu kinapopasuka, na kisu butu kinaponda zaidi kuliko kukata, hivyo hutoa hewa nyingi zaidi. Kata karibu na dirisha au nje barazani, upepo ukipeleka hewa hiyo pembeni, na kichwa kisiinamie ubao. Cha muhimu kwako ni hiki: macho yakijaa, weka kisu chini mbali na ukingo wa meza, toka, subiri yakauke. Usikate ukiwa umefumba, na usifikiche macho kwa mkono uleule.

Kuhusu vipande virefu vya pembeni, hujakosea. Nusu ya kitunguu ni kama kuba: katikati tabaka zimelala kama mkeka, lakini pembeni zimesimama wima. Mistari yako inashuka wima pia, kwa hiyo pale pembeni inapita sambamba na tabaka badala ya kuzikata. Wapishi wengi hutatua hilo kwa kupasua nusu hiyo kwa mlalo, mara moja au mbili, kabla ya mistari ya wima. Kiganja kinakaa bapa juu ya kitunguu, vidole vimeinuka, kisu kinaingia kikiwa sambamba na ubao na kusimama kabla ya kitako.

Muuguzi wa Lindi

Mzee, kwa heshima, huo mlalo usimfundishe bado. Kisu kinaelekea mkononi, na mkono uko juu yake. Afadhali mistari ya pembeni ailaze kidogo, ielekee katikati ya kitunguu, na ile ya katikati ibaki wima.

Mpishi wa Mikindani

Kulaza kisu kunafanya kazi, nakubali, ingawa mwanafunzi anapolaza kisu huwa anasahau kifundo na kisu kinatoka kwenye mkono wa kaa. Mimi mlalo nimewafundisha wengi, mmoja mmoja, nikiwa nimesimama pembeni yao. Kwa maandishi, bila kumwona anavyoshika, pengine nilipaswa kuuacha. Kijana, kwa mchuzi vipande virefu vya pembeni vitalainika vyote, viache hivyo.

Tuje kwenye nyanya, ambayo ina tabia tofauti. Kitunguu ukishakilaza juu ya uso bapa umemaliza kazi kubwa. Nyanya hata ikilala vizuri bado ina ngozi inayoteleza na ngumu juu ya nyama inayobonyea, kwa hiyo tatizo liko kwenye mwendo wa kisu. Usikandamize kwenda chini. Weka makali juu ya ngozi na uyavute kwa urefu wake, kama unavyovuta upinde wa zeze, na uache uzito wa kisu wenyewe ushuke. Hiki pia ndicho kipimo cha makali: ukivuta mara moja bila kukandamiza na ngozi ikafunguka, kisu kinafaa. Ngozi ikibonyea kwanza, rudi kwenye kikombe chako. Na kama huwezi kunoa siku hiyo, choma ngozi kwa ncha ya kisu, kisha uanzie kukata kwenye tundu hilo. Kisu cha mkate chenye meno nacho hukata nyanya vizuri, kwa sababu meno yanaikamata ngozi.

Kwa slesi, osha nyanya na uifute ikauke, kwa sababu maji juu ya ngozi ni utelezi mwingine. Ilaze ubavu, kikonyo kikiangalia upande wa mkono unaoshika. Kama inayumba, toa kipande chembamba sana upande mmoja iwe na pa kukalia. Anza kukata kutoka upande usio na kikonyo, slesi za unene wa nusu sentimita, mkono wa kaa ukirudi nyuma. Shika kwa kugusa tu. Ukibana, mbegu zinatoka na maji yanafika kwenye ubao, na ubao ukilowa nyanya inaanza kuogelea. Futa ubao baada ya kila nyanya. Ukifika karibu na kikonyo acha hapo. Kipande hicho cha mwisho kilaze juu ya uso wake bapa na ukate nyama iliyozunguka kikonyo.

Kwa vipande vya mchuzi, pasua nyanya mbili kupitia kikonyo, kisha kila nusu ipasue tena. Robo hizo zilaze ngozi ikiwa chini, nyama juu. Hapo kisu kinaanza na nyama laini na kumalizia na ngozi ikiwa imelala ubaoni, na hata kisu cha wastani kinaweza.

Mkono wa Kushoto, Masasi

Nimegeuza yote kama kwenye kioo, kikonyo upande wangu wa kulia, na kwa kisu kisicho na meno slesi zimenyooka. Nimekata nyanya 4. Ya tano ilikuwa imeiva mno, ikapondeka hata kwa kisu kikali.

Mama Salma wa Chikongola

Hiyo haikatwi mwanangu, hiyo inakunwa kwenye mchuzi. Nyanya ya kachumbari chagua ile ngumu kidogo, ukiibonyeza kwa kidole irudi.

Mgeni wa Shangani

Nimemaliza kachumbari ya leo: kitunguu kimoja, nyanya 3, bila damu. Nyanya ya kwanza nilisahau kuifuta ikateleza, nikasimama, nikaifuta, nikaendelea. Kisu nimekiosha peke yake na kukifuta.

Limebaki swali moja. Chumbani sina droo, na kisu sasa kina makali kweli. Kukiacha juu ya meza naogopa, maana watoto wa jirani huingia kuchukua maji.

Mvuvi wa Msanga Mkuu

Chukua boksi gumu, kata kipande kirefu kuliko bapa, kikunje mara mbili kifunike makali, ukifunge kwa uzi. Sisi kwenye ngalawa hufanya hivyo. Kisha kitundike juu ukutani, ncha ikitazama chini.

Mama Salma wa Chikongola

Na boksi likilowa libadilishe, lisije likakiozesha kwa kutu.

Mpishi wa Mikindani

Na ukimpa mtu kisu hicho, usimkabidhi mkononi. Kiweke mezani, mpini ukimwelekea yeye, akichukue mwenyewe.